Ameolewa, Atapata kwa Mumewe: Binti, Kibanja na Kikao cha Ukoo

Sababu ya kumnyima binti shamba la baba yake mara nyingi husemwa kwa upole, tena mbele ya watu, na mtu ambaye kweli anampenda. Ameolewa, atapata kwa mumewe. Kama hajaolewa, basi ataolewa. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Muleba, mkoani Kagera, na nimeisikia hoja hii kwa kaka wakubwa, baba wadogo, wenyeviti wa vitongoji, na hata kwa akina mama waliokwisha kunyang'anywa wao wenyewe. Ingekuwa na nusu ya ukweli kama huko kwa mume binti angekuta sehemu yake imewekwa tayari. Hakuna. Mume akifa, ndugu zake humwambia mjane kwamba yeye si wa ukoo huu, arudi kwao. Akirudi kwao, anakuta kaka zake wamegawana.

Ndiyo maana nimekuwa siiti hali hii ukatili wa kaka fulani au wifi fulani. Wabaya wapo, nimewaona. Lakini hata familia ya watu wema, ikifuata taratibu ilizozikuta, inamfikisha mwanamke pale pale. Mlango wa mbele unafungwa kwa sababu ana mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unafungwa kwa sababu ana wa mbele. Kwa bahati mbaya kuna sheria iliyoandikwa na kuchapwa inayosema hivyo hivyo, na nitaanza nayo baada ya kueleza ardhi yenyewe.

Kwetu Buhaya, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Udongo wake umerutubishwa kwa mikono, miaka na miaka, kwa samadi, majani na maganda ya ndizi. Ukitoka nje ya vibanja unaingia rweya, nyika ya majani ambayo udongo wake ni hafifu, na huko ndiko wanawake walikozoea kufungua vishamba vya msimu vya njugumawe na mazao mengine ya muda. Mwanamke alilima rweya na alifanya kazi kibanjani pia, lakini kahawa, yaani fedha, ilikuwa ya mwanamume, na kibanja kilikuwa cha ukoo. Tena ndani ya kibanja kuna makaburi. Baba kazikwa pale, babu pale, na anayekirithi anarithi pia kazi ya kuyatunza.

Nayaeleza haya kwa sababu wanaoikataa hoja ya binti kurithi hawana tamaa tupu. Wana hofu ambayo inaeleweka. Watoto wa binti ni wa ukoo wa baba yao. Akirithi kibanja, kizazi kinachofuata ardhi imehamia ukoo mwingine, na siku moja watu wasiomfahamu babu ndio watakaolima juu ya kaburi lake. Mtu asiyeisikiliza hofu hiyo hawezi kujadiliana na wazee wetu. Ila tazama jinsi hofu hiyo inavyotumika. Mwana wa kiume akikiuza kibanja kwa mgeni, ukoo hukasirika, hutafuta fedha, hukikomboa, au hunyamaza. Haki yake ya kurithi haiguswi. Kwa binti, uwezekano tu kwamba ardhi itatoka ukooni unatosha kumnyima kabla hajafanya lolote.

Sasa sheria. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru juzi ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzichapa kuwa kanuni, kwa Tangazo la Serikali namba 436. Sehemu yake ya urithi inawapanga warithi kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza. La pili ni watoto wa kiume wengine. La tatu ni watoto wa kike, hata kama mkubwa wao amewalea hao wengine wote. Kanuni ya 20 inasema wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo wanaweza kuitumia maisha yao yote lakini wasiiuze, labda ukoo uwe hauna mwanamume hata mmoja. Kisha njoo kanuni ya 27, inayomhusu mjane. Mjane hana sehemu ya urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Zisome pamoja, ya 20 na ya 27, kwa sababu watu huzisoma mbalimbali. Ya kwanza inamwona mwanamke akiwa binti na kudhani mume atamtosheleza. Ya pili inamwona akiwa mke na kudhani watoto watamtosheleza. Katika zote mbili mwanamke ni mtu wa kutunzwa, hana chake, na kila sheria inamkabidhi kwa mtu mwingine ambaye haijamlazimisha kumpokea. Asiyezaa je? Aliyeachika je? Aliyezaa watoto wakafa kabla yake? Huyo hakufikiriwa.

Bibi Holaria Pastory alikuwa mmoja wa hao. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali, hapa hapa Muleba. Hilo lenyewe si jambo la kupita haraka: mzee wa Kihaya aliamua, kwa wosia, kumpa binti. Binti akazeeka, hana wa kumtunza, na tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza ardhi kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, tarehe 25, ndugu yake wa ukoo alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubali. Ikafuta mauzo na kumwamuru bibi arudishe fedha.

Mimi hurudia tarehe hizo mbili ninapozungumza na watu vijijini, kwa sababu zinaonyesha kitu. Ukoo ambao haukuonekana miaka yote ya uzee wake uliweza kufika mahakamani ndani ya siku moja. Kanuni ilidhani ukoo unaishika ardhi ili uwatunze watu wake. Hapa ukoo ulitaka ardhi bila mtu.

Bibi alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba akashinda, na ndugu yake akapanda Mahakama Kuu ya Mwanza. Shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory likamkuta Jaji James Mwalusanya, aliyetoa hukumu Februari 1990. Wakati huo haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi michache tu kabla ya mauzo yale. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Sheria iliyoziingiza haki hizo iliwapa majaji ruhusa ya kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yanayozilinganisha na Katiba. Jaji akasema tangu sasa wanaume na wanawake wa Kihaya wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Mauzo yakabaki halali.

Watu wengi wanaoisifu hukumu hii wanaishia hapo, na mimi naona sehemu iliyobaki ndiyo yenye akili zaidi. Jaji hakuipuuza ile hofu ya makaburi. Mwanamume akiuza ardhi ya ukoo, mila iliwapa ndugu nafasi ya kuikomboa kwa kumlipa mnunuzi fedha yake. Mwalusanya akasema basi utaratibu uwe huo huo kwa mwanamke. Ndugu akitaka ardhi ibaki ukooni, alipe hizo shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Asipolipa, ni ya mnunuzi. Ukoo haukunyimwa kulinda ardhi yake. Ulinyimwa kuilinda kwa gharama ya mwanamke mmoja mzee.

Lakini hukumu ya jaji haifuti kitabu. Mwaka 2005 wajane wawili, washona nguo kutoka Shinyanga, walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni zenyewe za 1963 zitangazwe kuwa ni kinyume cha Katiba. Waume zao walikufa, wakwe wakachukua mali, wao na watoto wakatolewa kwenye nyumba zao. Huu ndio ule mlango wa pili niliousema. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua, ikakataa kuzifuta. Ilisema mila haibadilishwi kwa hukumu, na kwamba ikiwafungulia hawa, mila za makabila zaidi ya 120 zitamiminika mahakamani kwa njia hiyo hiyo. Ikawaelekeza kwenye halmashauri za wilaya, ambazo kisheria zinaweza kuanzisha mabadiliko ya mila. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro za kiufundi kwenye hati ya amri, bila kugusa hoja. Wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania imeuvunja mkataba, iwafidie wajane hao na irekebishe sheria yake. Tangu vifo vya waume zao ilikuwa zaidi ya miaka kumi, na hawa walikuwa wanawake waliopata mawakili.

Mtu ataniuliza: si kuna sheria za ardhi za 1999? Zipo, na ni nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Nimebeba nakala ya kifungu hicho mpaka kona zimekatika. Tatizo ni kwamba kinamlinda mwanamke mbele ya halmashauri ya kijiji na mabaraza ya ardhi, wakati ardhi ya baba humfikia kupitia mlango mwingine, mlango wa mirathi. Na mirathi, kwa familia nyingi huku, huamuliwa kabla hakimu hajaliona jalada. Huamuliwa kwenye kikao cha ukoo.

Nitasimulia shauri moja nililolifuatilia tangu mwanzo, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasitambulike. Mzee alikufa akiacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, kibanja cha kama ekari mbili na nusu, na kiwanja chenye vyumba vya kupangisha mjini. Binti mkubwa alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Yeye ndiye aliyemuuguza baba, aliyekuwa akipalilia migomba na kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi, kwa jina la baba. Baada ya kuanua matanga kikao kikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa baba yao mdogo, mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu wa ukoo. Wanaume walikaa kwenye viti chini ya mwembe, wanawake wakawa jikoni na wengine kwenye majani pembeni, wakiitwa na kuondoka. Kulikuwa na wageni wa kulishwa na mabinti ndio waliokuwa na nyumba siku hiyo.

Kikao kilimpendekeza kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Hilo halina ubaya wowote. Halafu karatasi ikapitishwa ili watu waandike majina na kutia saini. Mabinti waliambiwa ni mahudhurio, nao wakatia saini, wengine mikono ikiwa bado na unga. Wiki kadhaa baadaye karatasi ile ilikuwa mahakamani, imebanwa nyuma ya muhtasari unaosema wanaukoo wote wamekubaliana kwamba kibanja na kiwanja ni vya watoto wa kiume, na kwamba dada zao wameridhia kwa kuwa wana kwao. Binti mkubwa, aliyekuwa hana kwao kwingine zaidi ya pale, alikuwa ameridhia kwa saini yake.

Kikao hiki si sharti la sheria. Ni desturi ya mahakama zetu kuomba muhtasari, na Mahakama Kuu imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba hakuna kanuni inayoulazimisha. Mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi anaweza kuomba usimamizi, na binti wa marehemu ni mtu mwenye maslahi. Muhtasari unamsaidia hakimu kujua familia inamtaka nani asimamie. Haugawi mali. Lakini pale kijijini hakuna anayeona tofauti ya kupendekeza msimamizi na kugawa mali, na karatasi moja hufanya kazi zote mbili.

Kosa la pili huanzia hapo. Msimamizi hujiona mrithi mkuu. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo, za 1971, zinamtaka ndani ya miezi minne tangu ateuliwe ajaze Fomu namba V, inayoorodhesha mali yote na madeni yote ya marehemu, kisha alete hesabu za mgawanyo kwenye Fomu namba VI. Kaka mkubwa hakuleta hata moja. Alikwenda ofisi ya ardhi na barua ya uteuzi, kiwanja cha mjini kikahamishiwa jina lake. Kisheria hatua hiyo ni sahihi kama imeandikwa kwamba anakishika kwa nafasi ya msimamizi, maana ni daraja la kuvukia kwenda kwa warithi. Yeye akajenga makazi juu ya daraja. Kodi ya vyumba ikawa yake, na mpangaji mmoja ndiye aliyemwambia dada yake kwamba kuna mnunuzi anakuja kukagua.

Tulipokwenda mahakamani kuomba kusoma jalada, ndipo binti alipouona muhtasari kwa mara ya kwanza. Sikumwambia aanze na kesi ya ardhi. Tuliandika maombi kwamba msimamizi aitwe alete fomu zake, na akishindwa uteuzi ubatilishwe. Hii ni njia fupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haimlazimu binti kuthibitisha kwanza kwamba anastahili kurithi. Inamlazimu kaka kueleza mali iko wapi. Fomu namba V ilipokuja, kiwanja cha mjini hakikuwamo. Hakimu akauliza, na mbele ya mahakama ni vigumu kukana kiwanja ambacho hati yake ina jina lako.

Jambo lingine lilikuwa ni sheria ipi itumike, na hapa familia nyingi hujifunga bila kujua. Tanzania Bara ina njia tatu za mirathi: mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kwa mkoloni. Ya Kiislamu humpa binti nusu ya anachopata kaka yake, lakini humpa, na mjane ana fungu lake. Ile ya 1865 humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili zilizobaki kwa usawa, wa kiume na wa kike. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi ya mila na ya Kiislamu tu. Maana yake ni kwamba anayekimbilia kufungua jalada Mahakama ya Mwanzo anakuwa tayari amemwekea marehemu sheria, hata kama mzee alifunga ndoa kanisani, aliishi mjini miaka thelathini na hakuwahi kukaa kwenye kikao cha ukoo. Binti akitaka kuipinga njia hiyo, apinge mapema, wakati tangazo la maombi limebandikwa, na si baada ya mgawanyo.

Kwa familia hii tulishauriana tusihamishe shauri. Mjane alikuwa amechoka na hakutaka wanawe waendelee kuvutana kortini. Waliketi tena, safari hii kukiwa na nakala ya kifungu cha 20 na hukumu ya 1990 mezani, na mwalimu yule mstaafu akaisoma kwa sauti. Vyumba vya mjini vikawa vya watoto wote watano, kodi igawanywe. Binti mkubwa akapata kipande cha kibanja upande wa barabarani, kwa sharti kwamba akitaka kuuza awatangulize ndugu zake kwa bei ile ile ambayo mtu mwingine angelipa. Sharti hilo yeye mwenyewe alilipendekeza. Binti mdogo, aliyeolewa wilaya nyingine, alikataa sehemu ya kibanja akabaki na ya vyumba. Kaka mkubwa hakuzungumza na dada yake kwa muda mrefu. Hilo ni gharama ya kweli na sitalificha, kwa kuwa mabinti wengi hulihesabu kabla ya kulihesabu shamba.

Hapa ndipo malezi yanapofanya kazi ambayo sheria peke yake isingeiweza. Tumefundishwa kwamba dada mwema haombi. Dada mwema ndiye anayepatanisha, anayekuja na kitenge na unga wa msiba, anayempokea mtoto wa kaka akifukuzwa shule. Akidai shamba ameonyesha kwamba alikuwa akimhesabia baba. Nimewaona wanawake wanaoweza kumkabili mkopeshaji sokoni bila woga, wakishindwa kumtamkia kaka yao sentensi moja. Husema wanasubiri mama afe kwanza, wasimwumize. Nawaelewa. Ila sheria ya ukomo inaweka miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi, na kwa ardhi ya marehemu muda huanza kuhesabiwa siku aliyofariki. Hausubiri siku mama atakayoondoka. Mama akiishi miaka kumi na mitano baada ya baba, heshima ya binti imekwisha kuila haki yake.

Na upande wa pili, kaka naye hulelewa akiambiwa kwamba dada zake wakipata shida wataangukia kwake, kwa hiyo ardhi aishike yeye kwa niaba yao. Wapo wanaoitimiza ahadi hiyo kwa moyo wote. Lakini ahadi hiyo hufa naye. Mke wake na wanawe hawakuiahidi, na shangazi anayeishi kwenye kona ya kibanja kwa hisani ya kaka hugeuka mvamizi wiki moja baada ya mazishi. Baadhi ya wanawake wanaonijia wakilia kwamba wamefukuzwa, hakuna aliyewanyang'anya kitu kilichoandikwa. Walikuwa wakiishi ndani ya neno la mtu.

Baba aliye hai anaweza kuyamaliza mengi ya haya, na njia iliyo imara kuliko zote ni kumpa binti ardhi wakati huu, mbele ya halmashauri ya kijiji, mipaka ikionyeshwa kwa majirani na hatimiliki ya kimila ikiombwa kwa jina la binti. Kilichokwisha kutolewa hakiingii kwenye mirathi. Wosia nao unafaa, lakini wosia wa kimila una mtego wake. Ukiandikwa na mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Baba akiogopa maneno akaandika kwa siri na mashahidi kutoka kanisani peke yao, amemwachia binti karatasi itakayoanguka. Shahidi wa ukoo lazima awemo, na ni afadhali awe mtu anayeheshimika, kijana kuliko mwenye wosia, na asiyegawiwa kitu humo.

Kibaya ni kwamba hizi zote ni njia za kukizunguka kitabu cha 1963, na kila binti anazianza upya, kwa fedha yake na kwa ugomvi wake. Mahakama Kuu iliwaelekeza wale wajane kwenye halmashauri za wilaya, na mimi nimeona nianzie hapo walipoelekezwa. Sheria inayosimamia matumizi ya mila inaruhusu baraza la madiwani kuandika upya kanuni ya mila ya eneo lake na kuipeleka kwa waziri, naye akiridhika huitangaza kwenye gazeti la serikali. Pamoja na wenzangu tumeandaa rasimu fupi. Watoto wote wa marehemu wawe daraja moja. Kanuni ya 27 iondolewe, na mjane awe na fungu lake mwenyewe lisilotegemea hisani ya mtoto. Ardhi ya ukoo ikiuzwa na yeyote, mwanamume au mwanamke, ndugu wapewe miezi sita ya kuikomboa kwa bei iliyolipwa. Sharti hilo la mwisho tumelichukua kwenye hukumu ya 1990, na ndilo linalowafanya wazee wengi wakae kuisikiliza rasimu hadi mwisho.

Diwani wa kata yetu ameipokea. Ameuliza maswali magumu kuhusu mashamba yaliyokwisha kugawanywa, kama yatafunguliwa tena, na tumemjibu kwamba hapana, kanuni mpya ihusu vifo vitakavyotokea baada ya kutangazwa. Ametaka pia saini za wakuu wa koo kabla hajaipeleka kwenye kikao cha madiwani. Ndizo tunazozitafuta sasa, ukoo kwa ukoo, na kwenye kila karatasi tumeandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, mtu anatia saini ya nini.